Bili ya saa 11 alfajiri

Tarehe 28 Januari 2021, saa 11 na dakika 11 alfajiri kwa saa za New York, kompyuta ya taasisi moja iitwayo NSCC ilituma ujumbe kwa dalali wa hisa Robinhood. Ujumbe haukuandikwa na mtu, mfumo wenyewe uliutoa kama unavyofanya kila alfajiri. Tofauti ilikuwa kwenye kiasi. Robinhood alikuwa anapungukiwa na dola bilioni 3 hivi, na alitakiwa kuziweka asubuhi hiyo hiyo.

Soko hufunguliwa saa 3:30 asubuhi. Kabla ya muda huo Robinhood alikuwa ameshafuta kitufe cha kununua kwa hisa kadhaa, ikiwemo ya GameStop, kampuni ya maduka ya michezo ya video. Mamilioni ya wateja waliamka wakakuta wanaweza kuuza tu. GameStop ilikuwa imefunga siku iliyotangulia kwa dola 347.51, asubuhi hiyo ikapanda hadi dola 483, halafu ikaporomoka na kufunga dola 193.60. Mitandao ikawaka moto. Watu walisema matajiri walioweka dau kwamba GameStop itashuka, na sasa wanapata hasara ikipanda, wamepiga simu ili wanyonge wazuiwe. Nami kwa siku mbili tatu niliamini hivyo, maana hadithi ilikuwa tamu na ilikuwa na adui anayeeleweka.

Leo siiamini, na nilichobadilishwa nacho ni hesabu. Ukiifuata ile bili ya alfajiri hatua kwa hatua, utaona kitu ambacho mnunuzi wa kawaida wa hisa haonyeshwi kamwe: ununuzi unaoufanya leo haujakamilika leo, na kuna mtu anayelipia zile siku za katikati.

Tuanze na kitufe chenyewe. Ukibonyeza "nunua" na simu ikakuambia umefanikiwa, kilichotokea ni kwamba dalali wako na dalali wa muuzaji wamekubaliana bei na idadi. Hisa haijahama na pesa haijahama. Makabidhiano yenyewe huja baadaye. Mwaka 2021 nchini Marekani yalikuja siku 2 za kazi baada ya biashara, mtindo unaoandikwa T+2. Aliyenunua Jumatano tarehe 27 alikuwa anangoja Ijumaa tarehe 29. Simu huficha jambo hili kwa adabu: inakuonyesha hisa kana kwamba ni zako tayari, kwa sababu dalali ameamua kukuamini na kubeba mwanya huo mwenyewe.

Kati ya Jumatano na Ijumaa mengi yanaweza kutokea. Dalali wa upande wa pili anaweza kufilisika, na humjui, wala hukumchagua. Hapo ndipo inapoingia nyumba ya kliaringi. (Usiichanganye na kliaringi ya kutoa mizigo bandarini, hii inasafisha madeni.) Kwa hisa za Marekani nyumba hiyo ni NSCC, iliyoanzishwa mwaka 1976. Biashara ikishathibitishwa, mkataba mmoja kati ya mnunuzi na muuzaji hugeuzwa kuwa miwili. NSCC inakuwa muuzaji mbele ya kila mnunuzi, na mnunuzi mbele ya kila muuzaji. Kuanzia hapo dalali wako hamdai tena yule asiyemjua, anaidai NSCC.

Ukiishia hapo unaweza kudhani ni suala la kuaminiana tu, kwamba tumemweka mkubwa katikati na mambo yametulia. Lakini mkubwa huyo hana hazina isiyo na mwisho. Anafanya mambo mawili, na yote mawili ni ya hesabu.

La kwanza ni kukatana madeni. Chukua madalali watatu, A, B na C, wanaofanya biashara ya hisa moja siku moja. Asubuhi A ananunua hisa 500 kwa B, kila moja dola 100. Mchana B ananunua hisa 400 kwa C kwa dola 101. Jioni C ananunua hisa 450 kwa A kwa dola 102. Ukizihamisha zote kama zilivyo, utazungusha hisa 1,350 na dola 136,300. Sasa kila mtu ajumlishe yake. A amenunua 500 na kuuza 450, kwa hiyo anadai hisa 50 na anadaiwa dola 4,100. C naye anadai hisa 50, anadaiwa dola 5,500. B amebaki na deni la hisa 100, na anadai dola 9,600. Siku ya makabidhiano zinahama hisa 100 tu na dola 9,600 tu. Mengine yote yamefutana.

Hiyo ni kwa madalali watatu na biashara tatu. NSCC inawakatia madeni wanachama wake wote, kwa mamilioni ya biashara kila siku, na kwa maelezo yake yenyewe asilimia 98 hivi ya thamani inayotakiwa kulipwa hufutika kwa njia hii. Hata kile kinachobaki hakisafiri kama mzigo. Hisa karibu zote zimekaa hifadhi moja, DTC, zikiwa zimeandikishwa kwa jina la Cede & Co., na makabidhiano ni kupunguza namba kwenye akaunti moja na kuongeza kwenye nyingine. Haikuwa hivyo zamani. Mwaka 1968 biashara ilizidi uwezo wa makarani na matarishi waliokuwa wakikimbia mitaani na vyeti vya hisa mikononi, mpaka soko la New York likalazimika kufungwa kila Jumatano, kuanzia Juni hadi mwisho wa mwaka, ili makaratasi yashughulikiwe. DTC ilizaliwa mwaka 1973 kutokana na aibu hiyo.

Jambo la pili ndilo lililozaa ile bili. Tumrudie B, mwenye deni la hisa 100. Tuseme usiku anafilisika. A na C hawana habari naye, wao wanaidai NSCC, na NSCC lazima iwape hisa zao 50 kila mmoja siku ile ile waliyoahidiwa. Inafanya nini? Inakwenda sokoni kununua hisa 100. Pesa ya kununulia ipo, kwa sababu A na C bado watalipa dola 9,600 zao. Kama bei ya hisa sasa ni dola 96, hakuna tatizo hata kidogo. Lakini kama wakati B anazama bei imepanda hadi dola 130, hisa 100 zitagharimu dola 13,000. Pengo ni dola 3,400.

Hapa ndipo watu wengi hupotea, kwa hiyo naomba tusimame kidogo. NSCC haihofii kupoteza thamani nzima ya biashara. Mwanachama akianguka, ile hisa ipo, ile pesa ipo, kilichoharibika ni bei. Hatari yake yote ni jinsi bei inavyoweza kusogea kati ya biashara na muda wa kumaliza mikataba ya aliyeanguka. Ndiyo maana haimtaki dalali aweke dola 9,600. Inamtaka aweke dhamana inayotosha kufunika kusogea huko, na huikokotoa kutokana na jinsi hisa hiyo ilivyokuwa ikirukaruka. Hisa tulivu, dhamana ndogo. Hisa yenye kichaa, dhamana kubwa. Kiasi chenyewe hukokotolewa upya kila siku, na dalali hutakiwa kujaza pengo asubuhi.

Na hata pasipo mtu kufilisika, muuzaji anaweza kufika siku ya makabidhiano hana hisa. Hilo hutokea kila siku, na si mara zote ni uovu. Pengine hisa alizozikopesha hazijarudi. NSCC haifuti deni. Hulibeba hadi kesho, ikilipima upya kwa bei mpya kila siku, na kanuni za soko humpa dalali muda mfupi wa kulifunga kwa kununua sokoni. Hisa ambayo madeni yake ya namna hii yanarundikana siku baada ya siku ni hisa ya kutazamwa kwa jicho la pili.

Sasa rudi kwa Robinhood. Wateja wake wiki ile walikuwa wananunua, na wote walikuwa wananunua vitu vile vile. Kumbuka mfano wetu: deni la dalali hupungua pale wateja wake wengine wanapouza. Dalali ambaye wateja wake wote wanaelekea upande mmoja hana cha kukatana nacho. Kila hisa ya GameStop iliyonunuliwa tarehe 27 ilikaa pale nzima, ikingoja Ijumaa. Kama Robinhood angeanguka usiku ule, NSCC ingelazimika kulipa wauzaji bei ya Jumatano, kupokea hisa, na kuziuza kwa bei ya Alhamisi. Chukua bei za kufunga: ilipe dola 347.51, iuze dola 193.60. Hasara ni dola 153.91 kwa kila hisa, asilimia 44, ndani ya siku moja. Hii si hofu ya kubuni. Ndivyo bei ilivyokwenda kweli siku hiyo.

Kwa hiyo dhamana ya msingi ya Robinhood, ile inayotokana na kurukaruka kwa bei, iliruka usiku mmoja kutoka dola milioni 696 hadi karibu bilioni 1.3. Juu yake mfumo ukaongeza tozo nyingine ya zaidi ya dola bilioni 2.2, inayotozwa pale dhamana inayotakiwa inapouzidi mtaji wa ziada wa dalali mwenyewe. Kwa lugha nyepesi: umebeba mzigo unaokuzidi kimo, basi lipa na kwa huko kukuzidi. Ukitoa zile milioni 696 zilizokuwa zimeshawekwa, unafika karibu na zile bilioni 3 za saa 11 na dakika 11.

Swali linalofuata huulizwa na kila mtu: wateja si walikuwa wameshalipa? Pesa zao si zilikuwa kwenye akaunti? Zilikuwepo, lakini dalali haruhusiwi kuzichukua pesa za wateja kuwa dhamana yake kwa biashara ambazo hazijakabidhiwa. Kanuni hiyo ni nzuri na singependa ilegezwe, kwani ndiyo inayomzuia dalali kucheza kamari kwa akiba za watu. Ila matokeo yake ni kwamba bili ya alfajiri hulipwa kutoka mfuko wa dalali mwenyewe, na mfuko wa Robinhood haukuwa na bilioni 3.

Ukishajua hayo, kitufe kilichofutwa kinasomeka chenyewe. Kununua kunaongeza deni, kuuza kunalipunguza. Kuanzia saa 12:30 hadi saa 1:30 asubuhi uamuzi wa kuzuia manunuzi ulikuwa umefanyika, na NSCC ikaarifiwa. Ile tozo ya ziada ikakatwa zaidi ya nusu, kisha baada tu ya saa 3 asubuhi ikaondolewa yote kwa siku hiyo. Jumla ikashuka hadi dola bilioni 1.4 hivi, karibu mara kumi ya ile ya tarehe 25. Robinhood akaongeza dola milioni 737, akatimiza. Ndani ya siku chache akawa amechangisha dola bilioni 3.4 kwa wawekezaji wake, jambo linaloonyesha kwamba mwenyewe alielewa alikosea wapi. Haya yote aliyaeleza mkuu wake, Vlad Tenev, mbele ya kamati ya bunge la Marekani tarehe 18 Februari 2021.

Wanaosema hesabu hii inaisafisha NSCC kabisa, siko nao. Dhamana ya msingi naitetea bila wasiwasi. Lakini tozo ya dola bilioni 2.2 inayotoka kwenye mashine saa 11 alfajiri na kufutwa saa 3 asubuhi ina maswali yake. Kama ilikuwa ya lazima kwa usalama wa soko, kwa nini ilifutika? Kama haikuwa ya lazima, kwa nini ilitumwa? Jibu la kitaalamu ni kwamba kanuni huwapa wasimamizi hiari ya kuiondoa pale wanapoona inazidisha, na kwamba dalali kupunguza hatari yake mapema ni sababu halali. Jibu hilo ni kweli. Hata hivyo, hiari ya namna hiyo ikitumika mlango ukiwa umefungwa, usimlaumu aliye nje akidhani kuna njama.

Na dhamana ikishindwa kutosha? Zipo tabaka zilizopangwa mapema. Kwanza huliwa dhamana ya aliyeanguka, kisha mchango wa nyumba ya kliaringi yenyewe, kisha michango ya wanachama wengine ambao hawakukosa lolote. Lehman Brothers walipofilisika Septemba 2008, DTCC, kampuni mama ya NSCC, ilikuwa na mikataba yao iliyo wazi ya zaidi ya dola bilioni 500 katika masoko mbalimbali. Iliimaliza yote kwa wiki chache, na dhamana ya Lehman wenyewe ikatosha. Wanachama wengine hawakuguswa.

Lakini Septemba 2018, kwenye kliaringi ya Nasdaq huko Stockholm, haikuwa hivyo. Hapo si hisa zilizouzwa bali mikataba ya umeme, ila utaratibu ni ule ule. Mfanyabiashara mmoja wa Norwei, Einar Aas, alikuwa ameweka dau kwamba tofauti ya bei ya umeme kati ya Ujerumani na nchi za Kaskazini mwa Ulaya itapungua. Ikapanuka ghafla kwa namna ambayo dhamana yake haikukadiriwa kuikabili. Alipofungiwa mikataba pengo lilikuwa euro milioni 114. Nasdaq ililipa milioni 7. Milioni 107 zilitoka kwenye mfuko wa wanachama wengine, theluthi mbili hivi ya mfuko wote. Hebu fikiria uko ofisini kwa dalali ambaye hajawahi hata kuzungumza na bwana huyo, unapata barua ya kudaiwa mchango mpya. Ahadi za wenye mikataba zilitimizwa zote. Waliozitimiza ni majirani.

Baada ya sakata la GameStop, Tenev alitaka siku za kungoja zifutwe kabisa, biashara na makabidhiano yafanyike papo hapo. Wazo linavutia: pasipo kungoja hakuna hatari ya kufunika, wala bili ya alfajiri. Marekani ilisogea nusu njia. Tarehe 28 Mei 2024 ilihamia T+1, yaani siku 1 ya kazi, na India ilikuwa imeshatangulia kukamilisha kuhama kwake Januari 2023. Nadhani ilikuwa hatua sahihi. Rundo la biashara zinazongoja likiwa la siku moja badala ya mbili, kuna bei chache za kuhofia, na mfuko wa dhamana wa NSCC ulipungua kwa karibu robo mara baada ya mabadiliko. Wanaoumia ni wanunuzi wa mbali wanaohitaji kwanza kutafuta dola usiku wakati benki zao zimelala. Hilo ni tatizo halisi lakini linatatulika.

Kufika sifuri ni jambo jingine, na hapo naona washabiki wanapitiwa na kitu. Mrudie A wa mfano wetu. Kwa utaratibu wa kungoja, siku yote ilimgharimu dola 4,100. Kwa utaratibu wa papo hapo, asubuhi alipobonyeza kununua hisa 500 alitakiwa awe na dola 50,000 mkononi dakika ile ile, ingawa jioni angerudishiwa dola 45,900 kwa kuuza 450. Na B alitakiwa awe na hisa 500 kamili asubuhi, si 100. Kukatana madeni kunahitaji muda ambao madeni yanakaa pamoja yakisubiriana. Ukiondoa muda huo, ile asilimia 98 inarudi yote mezani, na kila dalali atalazimika kushika pesa taslimu nyingi kupita anazohitaji sasa. Dalali mdogo ataanguka saa 4 asubuhi badala ya saa 11 alfajiri.

Ulaya na Uingereza zimejipangia kuhamia T+1 tarehe 11 Oktoba 2027. Hazijajipangia sifuri.